Barua ya kuaga kwa wenzangu wa zamu zote

Lindi

Kwa Matroni, madaktari, wauguzi, wahudumu wa wodi na ndugu zangu wa mochwari,

Habari za kazi. Mke wangu amehamishiwa Songea, nami namfuata. Zamu yangu ya mwisho ya kujitolea ni Ijumaa hii. Jumamosi alfajiri tunapanda basi la Masasi. Miaka 6 mmenivumilia nikipenyapenya kati ya vitanda wakati wa raundi. Asanteni sana. Niliyemkwaza anisamehe. Kikombe cha zamu ya usiku kilichopotea wodi ya wanaume kiko kwangu, kitarudi.

Wa kushika nafasi yangu hajapatikana, kwa hiyo nawaachia kazi yenyewe.

Ufunguo wa kabati la huduma ya kiroho uko kwa Matroni. Msahafu uko rafu ya juu, umefungwa kitambaa. Msiweke kitu juu yake, na mwacheni ndugu mwenye udhu auchukue mwenyewe. Daftari la buluu lina namba za sheikh, paroko na wachungaji. Pigeni mapema. Mpako wa Wagonjwa ni wa aliye hai. Padri akimkuta mtu ameshafariki atamwombea tu, na lawama zitawaangukia ninyi wa zamu.

Kichanga akizidiwa na wazazi Wakristo wakaomba ubatizo, muuguzi yeyote anaweza kubatiza. Chukua maji safi ya vuguvugu, taja jina la mtoto, mimina kidogo kichwani mara tatu huku ukisema: "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mkaushe papo hapo, hasa njiti, maana kichwa kibichi kinampoza haraka kuliko mnavyodhani. Andika jina na saa kwenye daftari, parokia isije ikarudia. Wazazi wasipoomba, usibatize, hata kama nia ni njema.

Kwa Mwislamu anayekata roho: Makka iko karibu longitudo moja na sisi, hivyo kibla chetu ni kaskazini. Ukiipa bahari mkono wa kulia, umeelekea. Mlaze ubavu wa kulia uso ukiwa huko. Dripu ikizuia, alale chali, miguu ielekee kibla na kichwa kiinuliwe kidogo. Ndugu wakitaka kumlakinia shahada, wapisheni karibu na sikio.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni vitu vinavyoletwa kwa mapenzi. Mshumaa, ubani na udi visiingie chumba chenye oksijeni. Shuka iliyoshiba oksijeni hulipuka moto kwa cheche moja. Aliyepaka mafuta ya baraka afute mikono kabla ya kugusa mtungi, kwa sababu mafuta na oksijeni kwenye vali haviivani. Maji ya zamzamu au ya baraka kwa mgonjwa aliyezuiwa kula: lowesha pamba, gusa midomo, basi. Kijiko kimoja kikiingia kwenye mapafu kinaweza kuleta nimonia. Waelezeni sababu, wakikatazwa tu, watampa mkigeuka.

Kutoa taarifa ya msiba: kaeni chini, hakikisheni jina la marehemu na anayeambiwa ni nani wake, kisha semeni "amefariki." Neno "hali imebadilika" halifai kabisa. Mtu aliyetoka Newala usiku akilisikia, hukimbia kutafuta hela ya dawa. Baada ya hapo nyamazeni kidogo. Katika koo nyingi za Wamwera, Wamakonde na Wayao, mjomba wa upande wa mama ndiye msemaji. Ulizeni kama yuko njiani kabla ya kupanga usafiri wa mwili. Ila mgonjwa mwenye akili timamu ndiye anayeamua matibabu yake, mjomba awepo au asiwepo.

Mwili ukishathibitishwa, fumbeni macho, fungeni taya kwa bendeji na kunyoosha miguu mara moja, kwa sababu ukakamavu huanza ndani ya saa chache, taya na kope zikiwa za kwanza. Mkitoa kanula, bana kwa pamba na plasta; isipobanwa, damu huvuja wakati wa kuosha na kuchafua sanda, na waoshaji hulazimika kuanza upya. Kama ni kesi ya polisi, msitoe chochote hadi daktari aruhusu.

Daftari la kutembelea wagonjwa lina namba ya kitanda, dini na tarehe tu. Waliyoniambia hayamo, na wala msiyatafute.

Kiti cha plastiki cha kijani kilichokuwa kikinifuata kila wodi nakiacha karibu na mlango wa watoto. Mguu mmoja umepasuka. Mkalishe mtu mwepesi, au mwambieni fundi aufunge waya kabla ya Jumatatu.

Mwinjilisti wenu wa wodi