Mzungu wa Pili

Umeme ulikatika Ijumaa magharibi. Kufika Jumapili usiku, barafu za ukwaju za Bibi zilikuwa maji matupu ndani ya friji, na simu ya Zuhura ilishazima tangu mchana.

"Gesi inatoka Msimbati hapo," Bibi alinung'unika akirekebisha utambi wa koroboi, "sisi Mikindani tunanuka mafuta ya taa. Haya, mke mwenzangu, leta ile kopo ya Kimbo."

Ndani ya kopo mlikuwa na karata zilizolainika kama kitambaa, pembe zimeliwa. Bibi akachambua nane, tisa na kumi zote, akaziweka pembeni. Zikabaki 40.

"Huyu mfalme," Zuhura akasema.

"Huyo mzungu wa nne, ana 4. Huyu kijana mzungu wa tatu, ana 3. Na huyu mwanamke mzungu wa pili, ana 2."

"Mwanamke ndiye wa chini?"

"Waliozitengeneza hawakuniuliza. Ree 11, saba 10. Zilizobaki magarasa, hazina kitu. Ukifika 61 umenifunga."

Wakagawana tatu tatu. Bibi akafunua turufu: pao. Zuhura, kwa haraka ya kuonyesha alichonacho, akatupa saba ya kopa. Bibi hakusema neno. Alilamba kidole, akachomoa ree ya kopa, akaitua juu yake taratibu kama anayemfunika mtoto shuka.

"Ishirini na moja hizo. Saba haitoki nje kabla hujajua ree imelala wapi."

Mchezo wa kwanza Bibi alishinda, wa pili pia, na wa tatu kwa aibu. Wakanywa yale maji ya ukwaju, wakatafuna korosho. Kuanzia wa nne Zuhura aliacha kuongea. Alikuwa anahesabu ree zilizopita.

Mchezo wa sita ulipoisha, Bibi alipitisha rundo lake vidoleni mbiombio. "Sitini na moja. Kalale."

Zuhura akahesabu lake. Akarudia.

"Bibi, na mimi nina 61."

"Basi umekosea."

"Kila aina ina 30. Kopa, uru, shupaza, pao, jumla 120. Mbona sisi tuna 122?"

Nje mbwa alibweka, akanyamaza. Zuhura akavuta koroboi karibu, akazifunua karata za Bibi moja moja mkekani, mpaka alipofika kwa mwanamke wa shupaza.

"Huyu ulimhesabu ngapi?"

"Macho yangu mabovu, mjukuu wangu. Nilimwona wa nne."

"Jana umetunga uzi kwenye sindano gizani."

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. "Mama yako," alisema akifuta machozi, "ilimchukua mwaka mzima."

Akazikusanya karata, akamsukumia Zuhura. "Changanya wewe. Na mikono yako niione."