Dakika Ishirini

Nilikuwa nimefika kwa mteja wa 31 kioo cha laptopu yangu kilipogeuka cheusi. Hakuna onyo, hakuna mlio. Mama wa mgahawa wa Majengo alikuwa amesimama mbele yangu, noti zake mkononi.

"Sasa deni yangu ni ngapi, Baba Neema?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa ndani ya ile mashine, na mashine ilikuwa imezima.

Mimi nauza unga katika soko la Virunga, hapa Goma. Unga wa muhogo na wa mahindi, kwa gunia na kwa kilo, pamoja na maharage wakati Masisi imetoa mengi. Wateja wangu wengi ni akina mama wa migahawa. Wanachukua Jumatatu, wanalipa Jumamosi, na baina ya siku hizo mbili biashara yote inasimama juu ya kumbukumbu. Zamani kumbukumbu ilikuwa daftari. Mei 22, 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye tulipoambiwa tuhame mji, nililibeba lile daftari kichwani pamoja na godoro hadi Sake. Mvua ilitukuta njiani. Niliporudi, kurasa zilikuwa zimeshikana kama chapati mbichi, na wino umekuwa ziwa la bluu. Waaminifu walikuja wenyewe kuniambia wanadaiwa ngapi. Wengine hadi leo wananisalimia wakiwa ng'ambo ya barabara.

Ndiyo maana mwaka 2023 niliteremka Birere na kununua laptopu ya okazioni kwa dola 140. Ilikuwa imetoka Ulaya, na kibandiko cha namba ya ofisi ya watu kilikuwa bado mgongoni. Binti yangu Neema, aliyekuwa anamaliza sekondari, alinifundisha Excel kwa jioni sita. Jina, tarehe, kilo, kilicholipwa, kilichobaki. Siku ile jumla ilipojitokeza yenyewe chini ya safu, nilimwita mke wangu aje aone.

Ilianza kuzima mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, kiangazi kilipoingia. Mara ya kwanza nilisema ni umeme, kwa kuwa mstari wetu sokoni mabanda matano yanavuta waya mmoja. Lakini laptopu ina betri, umeme ukikatika inapaswa kuendelea. Jirani muuza viatu akasema basi betri imekufa. Nikanunua betri, dola 25. Ikazima. Nikabadilisha chaja, dola 10. Ikazima. Nikampelekea fundi mmoja, akahamisha mafaili yangu kwenye flashi, akafuta kila kitu na kuweka Windows upya, dola 15. Kabla hajafuta alinifungulia orodha ya matukio ya mashine na kunionyesha alama nyekundu zimepangana kama pilipili:

```
Kernel-Power   41
```

"Unaona? Virusi," akasema.

Nilimwamini, maana sikuwa na cha kumbishia. Baadaye nilikuja kujua kwamba mstari ule hausemi virusi wala hausemi sababu yoyote. Unasema tu kwamba mara iliyopita mashine ilikatika bila kufungwa vizuri, na hilo nilikuwa nalijua bila kulipa mtu.

Mwezi wa Julai ilikuwa inafika dakika ishirini, haizidi. Mtu wa biashara akiona mali inapungua bila kujua inakokwenda, anaandika. Nikachukua karatasi nikaandika kila ilipozima. Saa 3:10 imewaka, 3:30 imezima. Nikiiwasha hapohapo inaishi dakika tatu au nne. Nikiiacha mpaka nimalize kula, inanipa ishirini nyingine. Nyumbani usiku, juu ya meza, baridi ya Goma inaingia dirishani, inafika arobaini. Ile karatasi ilikuwa na jibu lote tayari, nami niliitazama wiki nzima nisilione. Nilimwambia mke wangu kwamba mashine inachoka. Akaniuliza, "Mashine inachoka na nini, nayo imekaa?"

Swali lile nililibeba hadi Ijumaa, nilipopeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga ya Kahembe. Mbele yangu palikuwa na magunia ya watu wawili. Mzee wa mashine akasaga la kwanza, kisha akazima dizeli watu wamesimama foleni. Mama mmoja akaanza kulalamika. Mzee hakugeuka. Alitoa brashi ya kupakia rangi, akainama mbele ya rejeta ya injini, akaanza kuisugua. Unga ulikuwa umeganda kwenye vile vipenyo vyembamba mpaka huoni upande wa pili. Alipochokoa, ulidondoka vipande vipande kama ukoko wa bugali.

"Mzee, hiyo si inaweza kungoja tumalize?" nikamuuliza.

"Mwanangu, injini hii inapozwa na maji, na maji yanapozwa na upepo unaopita hapa. Feni inazunguka, ndiyo, unaisikia. Lakini upepo utapita wapi, kama mlango umezibwa? Unga huu ni blanketi. Nikiuacha, ikisaga kidogo tu inachemka."

"Ikichemka inajizima?"

"Hii? Hii haina akili hiyo. Inaungua tu. Ingekuwa inajizima, ningeshukuru."

Nilisimama pale na gunia begani, nikaona karatasi yangu yote. Ishirini ikiwa ya baridi, tatu ikiwa bado ya moto, arobaini usiku. Haikuwa inachoka. Ilikuwa inachemka, na ilikuwa na akili ya kujizima kabla haijaungua. Na mimi nilikuwa nimemwendea fundi kumlipa aifute kumbukumbu.

Nilirudi bandani na motari, mahindi nikayaacha huko. Laptopu ilikuwa mahali pake pa siku zote, juu ya gunia la kilo 25 lililokunjwa, hatua mbili kutoka pale mfanyakazi wangu anapochekecha unga wa muhogo. Nikaigeuza. Tumboni ina matundu marefu membamba, na ndiyo pua yake. Hapo ndipo inapovutia hewa. Matundu yalikuwa meupe. Na mimi kila siku nilikuwa nailaza kifudifudi juu ya gunia.

Nikaiwasha, nikasubiri dakika kumi, kisha nikaweka kiganja ubavuni kushoto, kwenye tundu la kutolea joto. Feni ndani ilikuwa inalia kama nyuki kwenye chupa. Kwenye kiganja hakikufika chochote, hata pumzi ya mtoto mchanga. Lakini chini, plastiki ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliondoa mkono.

Jumamosi jioni, soko lilipofungwa, mimi na Neema tuliifungua nyumbani. Tulitoa betri kwanza, kisha tukabonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kidogo ili umeme uliobaki ndani uishe. Skrubu zilikuwa 11. Neema alichora umbo la laptopu kwenye karatasi na kuweka kila skrubu mahali ilipotoka, kwa sababu mbili zilikuwa ndefu kuliko nyingine, na ukikosea unaweza kutoboa kitu. Hilo ni wazo lake, si langu.

Feni ilikuwa pembeni, ndogo kuliko kifuniko cha thermosi. Bomba bapa la shaba linaanzia juu ya prosesa, linabeba joto mpaka kwenye vibati vyembamba vilivyopangwa mbele ya feni. Feni inatakiwa isukume hewa ipite kati ya vibati vile na kutoka nje. Lakini kati ya feni na vibati palikuwa na kitu. Nilikishika na kibano cha nyusi cha mke wangu nikavuta, kikatoka kizima, kipande kimoja, upana wa vidole viwili, kinene kama kitambaa cha koti.

Tulikiweka chini ya taa ya simu. Upande wa ndani kabisa kilikuwa cha kijivu, laini, nyuzi za mazulia na nguo. Hilo vumbi lilitoka Ulaya, lilikuwa limekuja nayo. Juu yake ukanda mweusi wenye chembe za kung'aa, na huo sikuhitaji mtu anieleze, ni vumbi la volkano, lilelile tunalolifuta mezani asubuhi na jioni. Na juu ya yote, unga wangu mwenyewe. Ulikuwa umeshika unyevu na kukauka mpaka ukawa ganda. Neema aliligonga kwa ukucha likatoa sauti.

Tulipiga brashi mpya ya rangi, ya dola moja. Kijana wa simu jirani yetu alikuwa amenionya nishike mapanga ya feni kwa kidole wakati wa kusafisha na kupuliza, isizunguke ovyo ikaharibika. Bomba la shaba lilitoka pamoja na feni, na kwa hiyo ile pasta iliyoko kati yake na prosesa iliachana. Ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la Agosti. Wapo watu sokoni watakaokuambia uweke dawa ya meno. Usiweke. Inakauka upesi na tatizo linarudi. Tulingoja hadi Jumatatu, yule kijana akaniuzia sirinji ndogo ya pasta yenyewe kwa dola 3. Tukafuta ya zamani kabisa, tukatia tone dogo kuliko harage, tukafunga.

Kabla ya kufungua, kijana aliniwekea programu inayosoma joto la prosesa. Ijumaa ile ilisoma digrii 97, na baada ya hapo kioo kikafa. Jumatatu usiku tuliifungulia Excel, video na kila tulichokuwa nacho. Baada ya dakika ishirini Neema akasoma kwa sauti: "Sitini na moja." Baada ya arobaini: "Sitini na tatu." Ubavuni palikuwa panatoka upepo wa moto, wa nguvu, uliopeperusha ncha ya kitenge cha mama yake. Mke wangu aliuacha mkono wake pale kwa muda mrefu.

Siku iliyofuata seremala alinikatia ubao, akaupigilia vijiti viwili ili mashine ikae juu na ivute hewa chini. Niliuweka upande wa mlango, na chekeche nikalihamishia nyuma kabisa, nikaning'iniza turubai katikati. Mfanyakazi wangu alisema sasa anafanyia kazi gizani, na ana haki, nitamwekea taa.

Saa nne mama wa Majengo akaja. Alitazama kioo kabla ya kunisalimia.

"Inaona leo?"

"Inaona, mama. Ulichukua magunia mawili na kilo 10. Ulilipa dola 30 tarehe 6. Imebaki 18."

Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, akatoa noti. Nikaandika mbele yake, akainama kuhakikisha tarakimu. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Basi niangalizie na ya dada yangu."

Nikatelemka orodha hadi kwake, mteja wa 44.