Ombi la kulipa kodi miezi mitatu mitatu, unipunguzie kidogo

Shikamoo mama, za huko Chanika, natumai mguu unaendelea vizuri na umeanza kutembea bila fimbo. Huku Segerea tuko salama, mama Junior anakusalimia sana na watoto pia.

Mama nakuandikia wasap kwasababu nikipiga simu tutaongea mengine yote alafu hili lisahaulike, na nataka ulisome taratibu, hata ukitaka kumwonyesha kaka mkubwa muone pamoja ni sawa kabisa. Mkataba wetu unaisha tarehe 31 Desemba na mi bado naitaka nyumba, sina mpango wa kuhama. Ombi langu ni hili: kuanzia Januari niwe nalipa kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, kabla miezi yenyewe haijaanza kuliwa, na wewe unipunguzie kutoka 350,000 kwa mwezi iwe 320,000. Maana yake kila nikilipa nakukabidhi 960,000 taslimu badala ya kukutumia kidogo kidogo.

Najua utajiuliza kwanini sasa hivi. Unajua kazi yangu ni AC. Zamani nilikuwa naishi kwa simu za mtu mmoja mmoja, leo umeitwa Tabata Kimanga kuongeza gesi, kesho kutwa nzima kimya, ndo maana nikang'ang'ania kulipa kwa mwezi. Sasa hivi nimepata ofisi kadhaa za mjini nazifanyia sevisi kwa mkataba, na AC za ofisi zinafanyiwa sevisi kila miezi mitatu, unasafisha filta, unapuliza koili, unaangalia gesi na mpira wa maji, ukimaliza unapeleka invoisi wanakulipa. Kwaiyo hela yangu kubwa inaingia mara moja kwa miezi mitatu, ikiingia ndo siku nzuri ya kuitoa kodi kabla haijaanza kuitwa huku na kule, we mwenyewe unajua hela ikikaa ndani ya nyumba yenye watoto wa shule inavyoyeyuka.

Na nimekaa nikapiga hesabu kwa upande wako pia mama, sijaangalia kwangu tu. Ukinipunguzia 30,000 kwa mwezi unaacha 90,000 kwa kila miezi mitatu, kwa mwaka mzima ni 360,000. Sio hela ndogo, siwezi kukwambia ni ndogo. Ila nyumba ikikaa mwezi mmoja tu bila mtu, hiyo ni 350,000 imeshapotea, na mpangaji mpya hata awe mzuri vipi haingii bila rangi kupigwa upya, na kitasa ubadilishe, hapo bado hujajua tabia yake ikoje. Pale nyumba ya mbele walipohama wale vijana uliona mwenyewe ilichukua muda gani, madalali wanaleta watu kila Jumamosi wanafungua milango wanaangalia choo wanaondoka. Mi nakupa uhakika wa mwaka mzima, hela inakuja mbele sio nyuma, na hutakuwa na haja ya kunikumbusha.

Alafu kuna hii ya vipande. Hela ya elfu 350 ikija kila mwezi kwa simu, makato ya kuitoa kwa wakala yanakula yake, na ikishafika inaishia kwenye matumizi ya kawaida. Siku ile umekuja na lile kaunta buku lako kusaini kodi ulisema unataka kumalizia uzio wa kule Chanika ila tofali hazinunuliki kwa hela ya kudonoadonoa. Hilo neno lilinikaa. 960,000 ikiingia kwa pamoja tena Januari, hata fundi unaweza kumwita ukaongea nae bei ya maana. Nitaingiza benki moja kwa moja, ile akaunti yako ya NMB, na slipu nitakupigia picha siku hiyohiyo nikutumie, alafu ukija huku tunasaini kwenye kaunta buku kama kawaida.

Najua Dar wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka kabisa, na wewe ulinivumilia kwa mwezi mwezi toka naingia, hilo nalishukuru kwa dhati na sijalisahau. Miezi sita kwa sasa siiwezi mama, nikikwambia naiweza nitakuwa nakudanganya, nitalipa ya kwanza kwa kukopa alafu ya pili tuanze kutafutana. Miezi mitatu naimudu kwasababu inaenda sambamba na malipo ya kazi.

Ukikubali, naomba tuandikishane hivi ili kusiwe na maneno baadae. Malipo yawe Januari, Aprili, Julai na Oktoba, na hela iwe imeshaingia kabla ya tarehe 5. Nikichelewa kupita tarehe hiyo, kwa hiyo miezi mitatu punguzo halipo, nalipa 1,050,000 kamili, sitabishana na wewe. Na wewe kwa upande wako bei isipande mpaka Desemba nyingine. Ikitokea unaihitaji nyumba, labda mtoto anarudi au unataka kuuza, unipe taarifa ya miezi miwili na kodi niliyolipa ambayo sijaikalia unirudishie, hapo tuhesabu kwa 320,000. Nikihama mimi kwa kutaka kwangu katikati ya miezi niliyolipa, sitakudai. Tukikubaliana karatasi naandika mimi, nakuja nayo kwako, na mjumbe anatushuhudia kama mara ya kwanza.

Kuhusu matengenezo sitaki kuyachanganya na hili. Ile pampu ya simtanki na gata ya nyuma inayomwaga maji ukutani tutaongea siku yake, usije ukaona nakuombea punguzo alafu nakuwekea na bili juu. Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku, ile 1,500 ya kila mwezi, ni ya mwenye nyumba lakini naendelea kuibeba mimi kama nilivyokuwa naibeba, sitaidai. AC ya chumbani kwako huko Chanika nayo nitakuja kuifanyia sevisi, hiyo haihusiani na kodi, hata ukikataa ombi langu nitakuja tu kwasababu joto la Januari halina mswalie mtume.

Kama 30,000 unaiona nzito niambie bila kuficha, nitajie wewe unayoona inakaa, mi nitaangalia kama inanifaa. Ila chini ya 20,000 mama kwangu inakuwa haina maana sana, kwasababu kutoa karibu milioni kwa mara moja kunanibana kwenye mtaji wa gesi na vipuri, ambavyo nanunua Kariakoo kwa kulipa papo hapo, hawakopeshi wale. Lazima nione kuna kitu kinarudi ndo niweze kuisukuma hela yote hiyo mbele.

Naomba jibu lako kabla ya tarehe 15 Desemba, kwasababu invoisi zinalipwa wiki hiyo na nataka hela ya kodi niitenge siku hiyohiyo. Ukipenda tuongee ana kwa ana, Jumapili hii mchana nina nafasi, nitapanda gari za Gongo la Mboto nije mpaka huko na mama Junior, tulikuwa tunataka kuja kukujulia hali vilevile.

Marahaba nitaipokea kwa simu. Ubarikiwe mama.

Baba Junior, nyumba ya uani, Segerea