Barua ya Maombi ya Kazi ya Mapokezi, Bagamoyo

Mwanaidi Salehe,
Magomeni, Bagamoyo.
14 Julai 2025

Meneja,
Nyumba ya Wageni,
Dunda, Bagamoyo.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA MHUDUMU WA MAPOKEZI

Husika na somo tajwa hapo juu. Tangazo lenu nimelisoma sokoni. Mnataka mtu wa zamu ya usiku, anayeongea Kiingereza na anayeweza kuwaeleza wageni habari za mji. Hamkuomba wasifu wala vyeti, kwa hiyo naeleza humu yale tu yanayoigusa kazi hii.

Kabla ya kuhamia Bagamoyo nilikaa mapokezi ya nyumba ya wageni Ngamiani, Tanga, kuanzia 2021 hadi mwaka jana, zamu nyingi zikiwa za usiku. Wageni wetu wengi walikuwa abiria wa mabasi yaliyochelewa, wanafika wamechoka na hawataki maneno mengi. Nilizoea kumpa mgeni ufunguo na maji ya kuoga kwanza, halafu ndipo nifungue kitabu: jina, anakotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho. Malipo ya simu sikuyaandika mpaka ujumbe uingie kwenye simu ya ofisi. Picha ya muamala anayoonyesha mgeni kwenye simu yake si malipo. Na Luku niliiangalia kabla ya saa nne usiku, maana umeme ukikatika saa nane, anayegongewa mlango ni wa mapokezi.

Kiingereza changu ni cha kuongea na kuelewana. Kuandika barua ndefu kwa lugha hiyo kunanichukua muda, ni vema mkalijua hilo mapema.

Habari za mji ndizo ninazozipenda zaidi. Mgeni akiuliza aende wapi asubuhi, huwa namwambia aanze na Kaole, kabla jua halijawa kali, akaone magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Akirudi apite misheni iliyoanzishwa 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Hapo mimi huwataja Chuma na Susi, waliokuwa miongoni mwa walioubeba kutoka bara, kwa sababu vitabu vingi vya wageni huwapitia haraka mno. Wengi pia hawajui kwamba Wajerumani walikuwa na makao yao makuu hapa kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891.

Tangazo halikutaja mshahara wala usafiri wa usiku. La mshahara tutazungumza. La usafiri ningeomba nilijue kabla ya kuanza, kwa kuwa kutoka Dunda hadi Magomeni usiku wa manane si njia ya mwanamke kutembea peke yake.

Niko tayari kwa usaili siku yoyote baada ya saa tatu asubuhi, na vyeti vyangu nitakuja navyo. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Wako mtiifu,

Mwanaidi Salehe