Mazoezi ya Kauli ya Kutendwa: Kidato cha Pili

Karatasi hii ni ya kazi ya mwisho wa wiki. Andika majibu kwenye daftari la sarufi, sentensi nzima nzima, na daftari zikusanywe Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza. Majibu yako mwishoni pamoja na maelezo. Yafungue baada ya kumaliza zoezi zima, si baada ya kila sentensi.

Nimesahihisha insha zenu za wiki iliyopita. Wengi mnajua kupachika -w- kwenye kitenzi. Kinachowasumbua ni maswali mawili yanayokuja baadaye: je, mtenda abaki au aondoke? Na je, kitenzi hiki kinakubali kutendwa hata kidogo? Kwa hiyo sehemu ya umbo nimeifupisha, nafasi kubwa nimeiachia hayo mawili.

Kumbuka kabla ya kuanza

Sentensi ikigeuzwa, yambwa huwa kiima, na kitenzi hufuata ngeli ya kiima hicho kipya. Kiambishi cha yambwa kilichokuwa ndani ya kitenzi hutoka. "Mwalimu aliwaita wanafunzi" huwa "Wanafunzi waliitwa na mwalimu", na yule -wa- wa katikati hana kazi tena. Mtenda hutanguliwa na "na", kifaa hutanguliwa na "kwa". Njeo haibadiliki: kama ni wakati uliopita, unabaki uliopita, na kama ni kanushi, inabaki kanushi.

Kuhusu umbo: mizizi mingi inayoishia kwa konsonanti huchukua -w- tu (pika, pikwa). Mzizi ukiishia -u au -a kwa kawaida huchukua -liw- (fungua, funguliwa, zaa, zaliwa), ukiishia -o huchukua -lew- (ng'oa, ng'olewa), na ukiishia -i hutosheka na -w- (tumia, tumiwa). Vitenzi vya mkopo visivyoishia -a vina njia yao: shtaki huwa shtakiwa, hukumu huwa hukumiwa, dharau huwa dharauliwa. Vya silabi moja vinakaririwa kimoja kimoja, havina mkato.

Zoezi la 1: umbo tu

Andika vitenzi hivi katika kauli ya kutendwa: chukua, toa, la, nywa, pa, ua, samehe, jibu, sahau, iba.

Zoezi la 2: geuza, na umbakize mtenda

1. Seremala alichonga mlango huu kwa patasi.
2. Wanafunzi wanakula matunda.
3. Wazazi hawamlaumu mwalimu.
4. Upepo uling'oa miti mitatu.
5. Ulinisaidia sana.
6. Mkutubi aliwapa wasomaji kadi mpya.
7. Daktari alimwandikia mgonjwa dawa.
8. Barua aliyoiandika katibu imepotea.
9. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Zoezi la 3: mtenda abaki au aondoke?

Hapa ndipo ninapotaka mtumie akili kuliko kanuni. Kauli ya kutendwa hutuwezesha kumweka mbele aliyetendwa, na mara nyingi tukishafanya hivyo mtenda hana tena sababu ya kutajwa. Humwondoa tukiwa hatumjui, au akiwa anajulikana bila kutajwa (mwizi hukamatwa na nani kama si polisi?), au akiwa ni "watu" kwa jumla, au kazi yenyewe ikiwa ndiyo habari na si aliyeifanya. Humbakiza akiwa ndiye habari mpya, au akiwa ni wa kushangaza: "Mwizi alikamatwa na bibi wa miaka themanini" haiwezi kukatwa ikabaki na uzito uleule.

Iko sababu nyingine ya kumwondoa, nayo muijue ili msidanganyike mnaposoma: kuficha. "Makosa yalifanyika" na "fedha zilitumiwa vibaya" ni sentensi sahihi kisarufi, lakini msomaji makini huuliza mara moja, na nani?

Geuza sentensi zifuatazo. Amua mwenyewe kama mtenda abaki, kisha toa sababu kwa maneno yasiyozidi kumi.

1. Mtu fulani aliiba baiskeli ya jirani.
2. Watu huzungumza Kiswahili katika nchi nyingi.
3. Mama yake alimzaa mwaka 1990.
4. Mtoto wa miaka sita alichora ramani hii.
5. Mwaka 1928 wajumbe wa mkutano wa Mombasa waliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Sasa aya hii. Iandike upya kama taarifa fupi. Si lazima kila kitenzi kigeuzwe. Ukiona kauli ya kutenda inafaa zaidi, iache ilivyo.

"Wezi walivunja mlango wa maktaba usiku. Wezi hao waliiba kompyuta mbili. Mlinzi aliwaona wezi lakini hakuwatambua. Asubuhi mkutubi aliwaarifu polisi. Polisi walifika saa tatu. Polisi waliupiga picha mlango na polisi waliandika maelezo ya mlinzi. Mkuu wa shule ameamuru mafundi wabadilishe kufuli."

Zoezi la 4: vitenzi vinavyogoma

Baadhi ya sentensi hizi hugeuka, nyingine hazigeuki kamwe, na nyingine hugeuka kwa kupitia umbo tofauti. Kwa kila moja, igeuze, au eleza kwa nini haigeuki.

1. Mtoto amelala.
2. Shangazi ana mashamba mawili.
3. Viatu hivi vinamfaa kaka yako.
4. Kijana huyu anafanana na baba yake.
5. Fundi alijikata kidole.
6. Dada na mdogo wake wanapendana.
7. Tulipata kitabu kile maktabani.
8. Sote tunajua jibu.
9. Mvua ilitunyeshea njiani.
10. Baba yake amemfia Rehema.

Zoezi la 5

Eleza tofauti ya maana kati ya "Kikombe kilivunjwa" na "Kikombe kilivunjika". Tumia maneno "kwa makusudi" katika jaribio lako.

MAJIBU

*Zoezi la 1.* Chukuliwa, tolewa, liwa, nywewa, pewa, uawa, samehewa, jibiwa, sahauliwa, ibwa. Angalieni hili la mwisho. Kinachochukuliwa na mwizi huibwa. Mwenye mali huibiwa, kwa sababu "ibiwa" hutokana na "ibia". "Mzee ameibwa" maana yake mzee mwenyewe amebebwa akapelekwa kusikojulikana.

*Zoezi la 2.*

1. Mlango huu ulichongwa na seremala kwa patasi. Ukiandika "na patasi" umeifanya patasi kuwa fundi.
2. Matunda yanaliwa na wanafunzi. Ile -ku- ya "wanakula" hutoka, kwa kuwa shina sasa si la silabi moja.
3. Mwalimu halaumiwi na wazazi. Kanushi ya wakati uliopo huishia -i hata katika kutendwa.
4. Miti mitatu iling'olewa na upepo. Nguvu za asili huchukua "na" kama mtu, si "kwa".
5. Nilisaidiwa sana nawe. "Na wewe" pia ni sahihi.
6. Wasomaji walipewa kadi mpya na mkutubi. Kitenzi "pa" humwinua mpokeaji awe kiima, si kitu kinachotolewa. "Kadi zilipewa wasomaji" ni kosa ninalolikuta kila muhula. Ukitaka kuanza na kadi, badili kitenzi: "Kadi mpya zilitolewa kwa wasomaji."
7. Mgonjwa aliandikiwa dawa na daktari. Sababu ni ileile: kauli ya kutendea imemleta mgonjwa karibu zaidi na kitenzi.
8. Barua iliyoandikwa na katibu imepotea. Kirejeshi sasa kinafuata kiima, nacho ni barua.
9. Mwaka 2021 tarehe 7 Julai ilitangazwa na UNESCO kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

*Zoezi la 3.*

1. Baiskeli ya jirani iliibwa. Au: Jirani aliibiwa baiskeli. "Na mtu fulani" haiongezi kitu.
2. Kiswahili huzungumzwa katika nchi nyingi.
3. Alizaliwa mwaka 1990. Kila mtu huzaliwa na mama yake.
4. Ramani hii ilichorwa na mtoto wa miaka sita. Ukimwondoa mtoto, hakuna habari iliyobaki.
5. Majibu mawili yanakubalika. Katika maelezo ya historia ya lahaja: "Mwaka 1928 lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu." Lakini kama insha inauliza ni akina nani waliofanya uamuzi huo, wajumbe wabaki. Binafsi ningewabakiza, maana uamuzi mkubwa kama ule una wenyewe.

Aya yaweza kuwa hivi: "Mlango wa maktaba ulivunjwa usiku na kompyuta mbili zikaibwa. Mlinzi aliwaona wezi lakini hakuwatambua. Asubuhi polisi waliarifiwa, wakafika saa tatu. Mlango ulipigwa picha na maelezo ya mlinzi yakaandikwa. Mkuu wa shule ameamuru kufuli libadilishwe." Sentensi ya mlinzi nimeiacha katika kutenda kwa sababu yeye ndiye anayeona na yeye ndiye asiyetambua; ukiigeuza nusu, viima viwili vitagongana. Mkuu wa shule naye amebaki kwa kuwa amri lazima iwe na mwenyewe.

*Zoezi la 4.*

1. Haigeuki. "Lala" si kitenzi elekezi. Hakuna yambwa ya kupandishwa. Kikipitia kutendea, njia hufunguka: "Kitanda hiki kimelaliwa."
2. Haigeuki. "Kuwa na" ni hali ya kumiliki, si tendo. Sema: "Mashamba mawili ni ya shangazi", au tumia "miliki", kitenzi ambacho hukubali: "yanamilikiwa na shangazi".
3. Haigeuki, ingawa kina kiambishi cha yambwa. Hili ndilo linalowachanganya wengi: kuwa na yambwa hakutoshi. Kiatu hakimfanyi kaka lolote. Jirani zake ni "tosha" na "stahili".
4. Haigeuki. "Na baba yake" hapa ni mshiriki, si yambwa wala mtenda.
5. Haigeuki. Mtenda na mtendwa ni mtu yuleyule, na -ji- inakataa kutoka. "Fundi alikatwa kidole" ni habari ya mkosaji mwingine kabisa.
6. Haigeuki. Wote wawili ni watenda na ni watendwa tayari.
7. Kitabu kile kilipatikana maktabani. "Patwa" ipo, lakini imehamia kwingine: mtu hupatwa na maradhi au na msiba.
8. Jibu linajulikana. "Juliwa" husikika kwa nadra. -Kan- ndiyo imeshika nafasi yake, kama katika "onekana" na "wezekana".
9. Tulinyeshewa na mvua njiani. "Nyesha" peke yake hugoma, "nyeshea" hukubali.
10. Rehema amefiwa na baba yake. Aliye baada ya "na" hapa ndiye aliyefariki. Hakumtendea Rehema tendo lolote, lakini msiba umemwangukia Rehema, na sarufi imemweka mbele.

*Zoezi la 5.* "Kilivunjwa" kina mtenda hata asipotajwa. Yupo nyuma ya kitenzi. "Kilivunjika" hakina, kinaeleza hali ya kikombe tu. Ndiyo maana "Kikombe kilivunjwa kwa makusudi" inakubalika na "Kikombe kilivunjika kwa makusudi" inakataa. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kusema "kilivunjika na mtoto". Mkirudi kwenye Zoezi la 3 mtaona kwamba "Makosa yalifanyika" imemfuta mtenda kabisa, wakati "Makosa yalifanywa" bado inaacha mlango wa kuuliza.