Sehemu ya 4: Mtaji wa kuanzia na mzunguko wa hela (mgahawa wa Msamvu, Morogoro)

Dada na shemeji, hii ndo sehemu mliyoniomba niiandike vizuri kabla hamjatoa hela, tunafungua Desemba 2026. Bei zote nimeziuliza mwenyewe madukani na sokoni.

Fremu ni 120,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo, hiyo ni 720,000. Kupaka rangi, sinki la kunawia, kuvuta maji na wavu wa madirishani fundi kasema 430,000. Meza 5 na viti 20 vya plastiki 545,000. Jiko kubwa la gesi la plati mbili na mitungi miwili ya kilo 15 ni 400,000, majiko mawili ya mkaa 70,000 coz maharage kwa gesi ni hasara tupu. Sufuria, sahani, vikombe, mahotpoti na ndoo za maji 480,000. Friji la mtumba 450,000. Leseni, kupima afya na aproni 155,000 (TIN haina malipo). Stoo ya kwanza 500,000, humo mchele kilo 100 kwa 2,800.

Jumla 3,750,000. Juu yake naweka 1,250,000 ya mzunguko, hii naombeni sana msiikate hata kama inaonekana imekaa bure, nitaeleza chini. Kwahiyo mtaji wote ni 5,000,000, mimi ninayo 2,600,000 ya kikoba na akiba yangu, nyie naomba 2,400,000.

Sahani moja nimeipima nyumbani kwa upawa uleule nitakaotumia. Kilo ya mchele inatoa sahani 7, so mchele ni 400, maharage 300, mboga 120, mafuta kitunguu na chumvi 180, tunda 160. Ni 1,160 na tunauza 2,000, yaani chakula kinakula 58% ya mauzo, na hapo moto bado. Asilimia hiyo nimeitumia kwa vyakula vyote. Mchele ukipanda hadi 3,400 kabla ya mavuno ya Kilombero, kila sahani inaongezeka kama 86, nitabeba hiyo kuliko kupunguza upawa maana mteja wa stendi anaona siku hiyohiyo na harudi.

Desemba nimeweka sahani 40 za mchana kwa wastani wa 2,500 na chai ya asubuhi 30,000, siku 26, inakuja 3,380,000. Chakula 1,960,000, gesi na mkaa 280,000, msaidizi wa jikoni na mhudumu 400,000 wote wawili, maji na umeme 110,000, usafi 60,000, nauli za sokoni 90,000. Inabaki 480,000. Mimi sijilipi miezi mitatu ya kwanza. Kwenye hiyo 480,000 natoa 120,000 ya kodi ya fremu (Juni tunatakiwa tena 720,000, lazima iwe imeshakusanyika) na 120,000 ya TRA na leseni, zinakaa laini nyingine kabisa. Inabaki 240,000.

Ila makonda na bodaboda wanakula kwa daftari, huwezi kukwepa pale stendi, nimekadiria 10% ya mauzo inalala nje mpaka mwezi unaofuata, ni 338,000. Kwahiyo kwenye daftari tumepata faida lakini droo imepungua 98,000! Ndo kazi ya ile 1,250,000, inashuka hadi 1,152,000 na jikoni hapasimami.

Januari 2027 mauzo 150,000 kwa siku, 3,900,000. Chakula 2,262,000, matumizi mengine 960,000, akiba za kodi 240,000. Madeni ya Desemba yanaingia 338,000 na mapya yanatoka 390,000, droo inaongezeka 386,000, tunafika 1,538,000.

Februari ndo mwezi ninaouogopa. Ramadhani inaanza kama tarehe 8 kutegemea mwandamo, mchana sahani zitashuka hadi 20, chai 10,000, ila jioni nimeweka futari (mihogo ya nazi, maharage, uji, tambi) ya 45,000 kwa siku. Mauzo 2,730,000, chakula 1,583,000, mengine 920,000, tukitoa akiba za kodi tunakosa 13,000. Madeni ya Januari yakilipwa yote, ukitoa mapya 273,000, droo bado inapanda 104,000 na mwezi unaisha na 1,642,000.

Marejesho yenu yanaanza Aprili, 200,000 kila tarehe 5 kwa miezi 12. Daftari la madeni nitalipiga picha kila Jumapili jioni niwatumie WhatsApp, mtu akifikisha 15,000 bila kulipa simpi sahani nyingine mpaka apunguze.