Majibu ya tuhuma za uonevu kazini

SIRI

Ghala la Dawa,
Mwanza.
16 Mei 2025

Meneja Rasilimali Watu,
Makao Makuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAJIBU YANGU KUHUSU TUHUMA ZA KUMWONEA MFANYAKAZI ALIYE CHINI YA USIMAMIZI WANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea barua yako ya tarehe 12 Mei 2025 inayonitaka nijibu kwa maandishi malalamiko yaliyowasilishwa na mfanyakazi wa kitengo changu, kwamba kati ya mwezi Machi na mwezi Mei mwaka huu nimemfokea na kumdhalilisha mbele ya wenzake, nimempangia zamu kwa nia ya kumkomoa, nimemtenga na mawasiliano ya kazi, na nimemnyima likizo. Nimeisoma barua hiyo zaidi ya mara moja kabla ya kuandika, na ninajibu kila jambo kwa kadiri ninavyolifahamu.

Kabla ya hayo, ninaomba ieleweke kwamba sina kinyongo na mwenzangu kwa kuleta malalamiko haya. Ni haki yake, na mfanyakazi anayehisi ameonewa akinyamaza, msimamizi wake hawezi kujua wala ofisi haiwezi kurekebisha. Kwa sababu hiyo sitazungumzia mwenendo wake, utendaji wake wala sababu zozote ninazoweza kudhani zimemfanya aandike. Hayo siyo niliyoulizwa. Kila nitakapomtaja nitasema "mwenzangu", na mashahidi nitawataja kwa kazi zao tu, kwa kuwa sijui barua hii itapita mikononi mwa watu wangapi.

Tuhuma iliyo nzito zaidi, na ambayo naona inastahili maelezo marefu, ni ile ya Jumanne tarehe 8 Aprili 2025. Inadaiwa kwamba asubuhi hiyo, kwenye eneo la upakiaji, nilimfokea mwenzangu na kumwambia, "Wewe hujui kazi, rudi shule." Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, na nilipofika nilikuta jenereta inaunguruma nyuma ya ukuta wa eneo hilo hilo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jokofu la insulini, kwa kuwa dawa hiyo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na ikiganda haifai tena kutumika hata kama ikiyeyuka na kuonekana kama kawaida. Kipimajoto kilionyesha nyuzi 7. Nilipofungua daftari la joto lililoning'inizwa kwenye mlango wa jokofu, nilikuta safu ya asubuhi ya siku iliyotangulia imejazwa na kutiwa saini, lakini safu ya jioni ilikuwa tupu. Bila kumbukumbu ile sikuweza kujua kama joto lilikuwa limepanda au kushuka kupita kiwango kabla jenereta haijawashwa, na gari la kwenda Sengerema lilikuwa linasubiri kupakia boksi za insulini hiyo hiyo.

Nilitoka na daftari mkononi nikamkuta mwenzangu karibu na meza ya kuhakiki mzigo. Walikuwepo pia mfamasia wa zamu, dereva wa gari na wapakiaji wawili. Nilimuuliza, "Jana jioni joto lilisomwa na nani?" Alijibu kwamba hajui. Nikasema, "Basi hizi boksi hazipakiwi mpaka tujue. Hii insulini ikiwa imeharibika, mgonjwa atakayejichoma tutamwambia nini?" Nilimuuliza yeye kwa sababu ndiye niliyemkuta mezani, na sikudai kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuijaza safu ile. Mfamasia alichukua daftari, akasoma kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani ya kifaa cha kurekodi joto, na ilipobainika kwamba jokofu halikuvuka kiwango, gari likapakiwa na kuondoka.

Ninakubali kwamba nilizungumza kwa sauti ya juu. Jenereta ilikuwa inaunguruma, na pale mtu asipopaza sauti hasikiki hata na aliye upande wa pili wa meza. Ninakubali pia kwamba wasiwasi niliokuwa nao kuhusu dawa ulisikika katika sauti yangu, na kwamba kuulizwa jambo la namna ile mbele ya dereva na wapakiaji kunaweza kumfanya mtu ajione anashtakiwa hadharani. Hata hivyo, maneno "wewe hujui kazi, rudi shule" sikuyatamka, wala sikutamka neno lolote kuhusu elimu yake, uwezo wake au nafsi yake. Ninaomba watu wote wanne waliokuwepo waulizwe, kila mmoja peke yake, na waulizwe na mtu asiye chini ya usimamizi wangu ili wawe huru kusema. Sijazungumza na yeyote kati yao kuhusu barua yako na sitafanya hivyo. Ipo pia kamera inayoelekea mlango wa upakiaji. Hainasi sauti, lakini kama picha za siku hiyo bado zimehifadhiwa zitaonyesha tulisimama umbali gani na mazungumzo yalichukua muda gani. Ninaomba zisifutwe.

Kuhusu zamu, ni kweli kwamba mwenzangu alipangwa kufanya kazi Ijumaa Kuu tarehe 18 Aprili na Jumatatu ya Pasaka tarehe 21 Aprili. Utaratibu wa ghala letu ni kwamba waliofanya kazi sikukuu ya Idi hupumzika Pasaka, na waliopumzika Idi huingia Pasaka, isipokuwa wawili wakikubaliana kubadilishana na kunijulisha. Mwenzangu alikuwa mapumzikoni katika Idi ya mwishoni mwa Machi. Ratiba hiyo ilibandikwa ubaoni kabla ya Idi, na watumishi wengine wawili waliopumzika Idi walipangiwa siku zile zile za Pasaka. Nimeambatisha nakala ya ratiba ya Machi na ya Aprili. Malalamiko yanasema kwamba mwenzangu alikuwa na jambo la kifamilia kijijini katika siku hizo. Sikulijua mpaka niliposoma barua yako, na sina sababu ya kulitilia shaka.

Kuhusu kuondolewa kwenye kundi la WhatsApp la usafirishaji, mwenzangu alihamishiwa kitengo cha upokeaji mzigo kuanzia tarehe 28 Aprili kwa uamuzi wa Meneja Uendeshaji, ambaye barua yake ya uhamisho bila shaka mnayo katika jalada. Kila kitengo kina kundi lake. Niliyemwondoa katika kundi la kwanza ni mimi, siku hiyo hiyo nikamwingiza katika kundi la pili, na tangu hapo amekuwa akipokea taarifa za kazi kama wengine. Ujumbe wa kumweleza kwa nini anaondolewa sikumwandikia, na ninaelewa kwamba mtu akiona jina lake limetolewa kundini, wiki chache baada ya asubuhi kama ile ya tarehe 8, anaweza kulisoma tendo hilo kwa namna nyingine kabisa na ile niliyoikusudia.

Jambo la likizo ni fupi. Mwenzangu aliomba likizo yake ya mwaka ya siku 28 ianze tarehe 5 Mei. Nilimjibu kwa maandishi kwamba ghala litakuwa katika zoezi la kuhesabu shehena mpaka katikati ya mwezi, nikapendekeza ianze tarehe 19 Mei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiri nafasi ya kupanga wakati wa likizo ya mwaka ndani ya muda uliowekwa, na kwa hiyo likizo yake ilisogezwa mbele, haikukataliwa. Fomu yenye pendekezo langu imeambatishwa. Iwapo tarehe ya 19 bado inamfaa, ninaomba malalamiko haya yasiwe kikwazo cha yeye kuondoka siku hiyo, kwa kuwa likizo ni haki yake bila kujali uchunguzi utaonyesha nini.

Imebaki sehemu ya mwisho ya malalamiko, ambayo haina tarehe wala tukio, isipokuwa sentensi kwamba mwenzangu siku hizi "anaogopa kuja kazini". Sentensi hiyo imeniumiza kuliko tuhuma nyingine zote. Siwezi kuikanusha, kwa sababu hofu ya mtu anaijua mwenyewe, na mtu anaweza kuogopa kwa dhati hata pale ambapo msimamizi wake hakukusudia kumtisha. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuwahi kumtishia kazi yake, sijawahi kumwandikia barua ya onyo, na sijawahi kumzungumzia vibaya kwa watumishi wengine. Iwapo kuna tukio lingine lililomjengea hofu hiyo ambalo halikuandikwa, ninaomba nielezwe ili nilijibu nalo kwa uwazi huu huu.

Ili mwenzangu afanye kazi bila wasiwasi wakati mnaendelea na uchunguzi, ninapendekeza kwamba kuanzia sasa apokee maelekezo yake na kusainiwa fomu zake na mfamasia mkuu badala yangu. Endapo mtaona ni vyema zaidi mimi ndiye nihamishiwe kwa muda sehemu nyingine, nitakubali, mradi iandikwe kwamba hatua hiyo siyo adhabu na haimaanishi kwamba tuhuma zimethibitika. Kwa upande wangu sitamfuata mwenzangu kuzungumzia suala hili, iwe ana kwa ana, kwa simu au kupitia mtu wa tatu, na nitaendelea kumsalimia na kushirikiana naye kama kawaida pale kazi itakapotukutanisha. Nikisikia mtumishi yeyote anamsema au anamtenga kwa sababu ya kulalamika, nitakujulisha.

Endapo mtaitisha kikao cha kusikiliza shauri hili, ninaomba nipewe taarifa mapema pamoja na nakala kamili ya malalamiko, kwa kuwa niliyonayo ni muhtasari uliomo katika barua yako, na niruhusiwe kuambatana na mfanyakazi mwingine wa kunisaidia kama Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007 zinavyoruhusu. Na iwapo mwenzangu ataridhia, kwa hiari yake na bila kushinikizwa, niko tayari tukae mezani mbele ya msuluhishi mtakayemteua. Akikataa, nitaheshimu uamuzi wake na sitauchukulia kuwa ni uthibitisho wa lolote.

Pamoja na barua hii nimeambatisha nakala ya ukurasa wa daftari la joto wa tarehe 7 na 8 Aprili, ratiba za zamu za miezi miwili na fomu ya likizo. Daftari lenyewe nimelikabidhi kwa mfamasia mkuu leo asubuhi, naye amesaini kulipokea, ili lisibaki mikononi mwangu wakati uchunguzi unaendelea. Barua hii sijampa mtu mwingine nakala.

Ninapatikana ghalani siku zote za kazi, na nitakuja Dar es Salaam siku yoyote mtakayoniita.

Wako mtiifu,

(Saini)
Msimamizi wa Ghala